Ufunguo na Nakala: Usimbaji Mseto katika Historia ya Programu za Kudai Fidia, 1989–2021

Mwezi Juni 2008 kampuni ya Kaspersky ya Moscow, ambayo wateja wake walizoea kuiona ikitoa dawa ya kila kirusi kipya, ilitoa wito usio wa kawaida. Iliwaomba wataalamu wa usimbaji popote walipo waisaidie kuvunja ufunguo mmoja wa RSA wenye urefu wa biti 1024. Ufunguo huo ulikuwa wa mtu asiyejulikana aliyesambaza programu iitwayo Gpcode, iliyofunga mafaili ya watu na kuwadai fedha ili yafunguliwe. Kaspersky yenyewe ilikadiria kwamba kazi hiyo ingehitaji kompyuta zipatazo milioni 15, zikifanya kazi kwa muda wa mwaka mmoja. Ufunguo haukuvunjwa. Hata hivyo, kabla mwezi huo haujaisha, baadhi ya waathiriwa walikuwa wamerudishiwa mafaili yao bila senti kulipwa na bila hisabati ya RSA kuguswa.

Makala haya yanalichukua tukio hilo kuwa kitovu cha historia ndefu zaidi. Maandishi mengi kuhusu programu za kudai fidia huieleza historia hiyo kama mashindano ya nguvu za usimbaji, ambapo funguo zinarefuka mwaka hadi mwaka na wavunjaji wanaachwa nyuma. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaficha jambo la msingi. Katika visa vinavyojadiliwa hapa, tangu usimbaji mseto ulipokamilika hakuna aliyeokoka kwa kuishinda hisabati yenyewe. Waliookoka waliokoka kwa sababu mahali fulani palibaki nakala, ama ya faili ama ya ufunguo, na washambuliaji nao walijifunza kuisaka nakala hiyo.

Disketi za Desemba 1989

Kisa cha kwanza kinachojulikana kilisafiri kwa posta. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza na kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Juu yake iliandikwa kwamba zina maelezo kuhusu ugonjwa huo. Mtumaji alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyesomea Harvard na ambaye tasnifu yake ilitokana na utafiti wa nyani katika Maasai Mara, Kenya. Programu iliyojificha ndani ya disketi ilihesabu ni mara ngapi kompyuta imewashwa. Baada ya takriban mara 90 ilivuruga majina ya mafaili, ikaficha saraka, kisha ikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Kwa mada hii, kilicho muhimu ni jinsi programu hiyo ilivyoshindwa. Ilisimba majina ya mafaili tu na kuyaacha yaliyomo kama yalivyo, tena ikatumia usimbaji wa ufunguo mmoja, yaani ufunguo uleule unafunga na kufungua. Ili kompyuta ya mwathiriwa ifunge, ilibidi ufunguo uwe ndani yake. Mchunguzi Jim Bates aliichambua programu hiyo, akaukuta ufunguo mlemle, na kufikia Januari 1990 uchambuzi wake ulikuwa umechapishwa katika *Virus Bulletin*. Programu yake ya kurudisha majina ilitolewa bure. Mwizi alikuwa amefunga mlango na kuacha ufunguo chini ya zulia la mwenye nyumba.

Wazo la mwaka 1996

Kasoro hiyo ndiyo iliyowashughulisha Adam Young wa Chuo Kikuu cha Columbia na Moti Yung wa IBM. Katika mkutano wa IEEE kuhusu usalama na faragha wa mwaka 1996 walionyesha jinsi kirusi kinavyoweza kumnyang'anya mtu data yake bila kubeba ndani yake kitu chochote kitakachomsaidia mchunguzi. Waliliita eneo hilo la utafiti kriptovirolojia, na walijenga mfano halisi kwenye kompyuta ya Macintosh ili kuthibitisha kwamba jambo hilo linawezekana.

Msingi wa hoja yao ni usimbaji wa funguo mbili. Katika mfumo kama RSA, ufunguo wa umma hufunga tu, na kilichofungwa hufunguliwa na ufunguo wa siri pekee. Mshambuliaji akiweka ufunguo wa umma ndani ya kirusi, mchunguzi ataupata, lakini hautamfaa kitu. Ufunguo wa siri haukuwahi kufika kwenye kompyuta ya mwathiriwa, kwa hiyo hakuna wa kuutafuta humo.

Swali linalozuka hapo ni kwa nini basi mafaili yote yasifungwe kwa RSA moja kwa moja. Jibu ni la kiutendaji. RSA yenye biti 2048 hufanya kazi juu ya kipande cha baiti 256 tu kwa mara moja, na hata hizo hazitumiki zote kwa sababu sehemu huchukuliwa na data ya kujazia inayohitajika kwa usalama. Isitoshe, RSA ni nzito mno ikilinganishwa na usimbaji wa ufunguo mmoja. Picha moja ya megabaiti tano ingebidi ikatwe vipande zaidi ya 20,000. Mshambuliaji hana muda huo, kwa kuwa anataka kumaliza kabla mwenye kompyuta hajashtuka.

Usimbaji mseto unaunganisha njia hizo mbili, na si uvumbuzi wa wahalifu: ndio unaolinda barua pepe na miamala ya benki. Faili *F* hufungwa kwa ufunguo mmoja wa haraka *k*, uliobuniwa papo hapo kwa bahati nasibu. Kisha *k*, ambao ni mfupi sana, hufungwa kwa ufunguo wa umma *P* wa mshambuliaji:

```
C = AES(k, F)
E = RSA(P, k)
hifadhi E na C; futa k na F
```

Mstari wa tatu ndio unaobeba unyang'anyi wote. Mistari miwili ya kwanza hutumika kila siku kwa mambo halali. Kinachoibadilisha kuwa silaha ni kufutwa kwa *k* na *F* kwenye kompyuta ya mwathiriwa, ili zibaki *C* na *E* tu. Anayetaka *F* anahitaji *k*. Anayetaka *k* anahitaji ufunguo wa siri unaolingana na *P*, na huo uko mbali. Young na Yung waliona pia faida ya kibiashara kwa mhalifu. Mwathiriwa humtumia *E* peke yake, naye humrudishia *k* ya mwathiriwa huyo tu. Ufunguo wa siri hautoki mikononi mwake, na hivyo aliyelipa hawezi kumfungulia jirani yake.

Gpcode: mstari wa tatu ulipokosewa

Kutoka kwenye karatasi hadi kwa wahalifu ilipita takriban miaka kumi, na mwanzoni kwa kuyumbayumba. Matoleo ya awali ya Gpcode, yaliyowasumbua hasa watumiaji wa Urusi tangu mwaka 2005, yalitumia usimbaji wa kujitungia ambao wachambuzi waliufumbua kwa urahisi. Mwaka 2006 mwandishi wake aligeukia RSA, kwanza kwa biti 56, kisha 260, 330, na mwezi Juni 660. Kila mara Kaspersky ilifanikiwa kuwafungulia waathiriwa. Kwa urefu wa biti 56 kompyuta ya mezani inatosha. Kwa 660 hali ilikuwa tayari ni ya kutisha, kwani mwaka 2005 kundi la wanahisabati wa Bonn lilikuwa ndiyo kwanza limeigawanya namba ya biti 663 katika namba tasa zake mbili, jambo lililokuwa rekodi ya dunia.

Toleo la Juni 2008, lililopewa herufi AK, lilifika penyewe. Lilitumia RSA ya biti 1024 kufunga ufunguo wa RC4, na RC4 kufunga mafaili. Halikujitungia usimbaji wake, bali liliazima maktaba ya usimbaji iliyomo ndani ya Windows yenyewe, na hivyo makosa ya kitoto ya miaka ya nyuma yakatoweka. Wito wa Kaspersky haukuwa na tumaini kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 watafiti walipoigawanya namba ya biti 768, baada ya kazi ya zaidi ya miaka miwili kwenye mamia ya kompyuta, walikadiria kwamba biti 1024 zingekuwa ngumu mara elfu moja zaidi.

Msaada ulitokea upande mwingine. Gpcode.ak haikuandika data iliyofungwa juu ya faili la asili. Ilisoma faili, ikaandika jipya lenye kiambishi `._CRYPT`, kisha ikalifuta la zamani. Katika Windows kufuta faili hakuondoi yaliyomo. Kunaondoa tu maelezo ya mahali lilipo na kuviandika vipande vyake vya diski kuwa nafasi huru. Yaliyomo hukaa palepale mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Kwa hiyo *F* ilikuwa bado ipo. Programu huria ya PhotoRec, iliyotungwa kwa ajili ya kuokoa picha zilizofutwa kwenye kadi za kamera, iliweza kuzipitia sehemu huru za diski na kuyafufua mafaili. Ilikuwa haiwezi kurudisha majina, kwa hiyo Kaspersky iliandika programu ndogo, StopGpcode, iliyolinganisha ukubwa wa mafaili yaliyofufuliwa na ule wa yaliyofungwa na kuyapa majina yake upya.

Baada ya siku chache uliongezwa upenyo wa pili, nao una maana kubwa zaidi kwa hoja ya makala haya. RC4 huzalisha mkondo wa biti unaochanganywa na faili. Mkondo uleule ukitumika kwa mafaili zaidi ya moja, anayemiliki nakala safi ya faili moja, labda aliyoituma zamani kwa barua pepe au aliyoiacha kwenye kamera, anaweza kuichanganya na nakala yake iliyofungwa akaupata mkondo wenyewe, na kwa mkondo huo akayafungua mengine yasiyozidi urefu wake. Kaspersky ilitoa zana iliyohitaji jozi za namna hiyo. Nakala moja ya picha ya harusi iliweza kusaidia kufungua mafaili mengine.

Mipaka ya njia hizi ilionekana mapema. Aliyeendelea kutumia kompyuta baada ya shambulio alikuwa akiandika juu ya mafaili yake mwenyewe bila kujua; ndiyo maana ushauri ulikuwa kutoizima wala kuiwasha upya, na kuhifadhi kinachookolewa kwenye diski nyingine. Novemba 2010 toleo jipya lilijitokeza likiwa na RSA 1024 na AES 256. Safari hii liliandika data iliyofungwa juu ya ileile ya asili. Urefu wa ufunguo wa RSA haukuongezwa hata biti moja. Kilichosahihishwa kilikuwa ufutaji. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba mwandishi wa Gpcode alielewa alishindwa wapi mwaka 2008.

Ufunguo unakaa wapi

Baada ya hapo swali lilihamia kwenye ufunguo. CryptoLocker, iliyoanza Septemba 2013, ilitengeneza jozi ya funguo za RSA za biti 2048 kwa kila mwathiriwa kwenye seva za wahalifu, na kutuma ufunguo wa umma tu. Mpango huo ulikuwa na udhaifu wa pande mbili. Kompyuta iliyozuiwa kuifikia seva haikufungwa, kwa sababu haikupata ufunguo. Na funguo zote za siri zilikuwa zimerundikwa pamoja: polisi wa nchi kadhaa walipouvunja mtandao huo katikati ya mwaka 2014, funguo zilipatikana, na mwezi Agosti kampuni za FireEye na Fox-IT ziliwafungulia waathiriwa mafaili bure. Wengi walikuwa wameshakata tamaa na kufuta diski zao. Waliokuwa wameyatunza mafaili yaliyofungwa ndio waliofaidika.

WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 iliondoa haja ya seva kwa kuongeza ngazi moja. Ndani yake ulikuwamo ufunguo wa umma wa mshambuliaji. Kwenye kila kompyuta ilibuni jozi mpya ya RSA. Ufunguo wa siri wa jozi hiyo ilifungwa kwa ule wa mshambuliaji na kuhifadhiwa katika faili `00000000.eky`. Kila faili lilifungwa kwa ufunguo wake wa AES wa biti 128, na ufunguo huo, ukiwa umefungwa kwa RSA, uliwekwa mwanzoni mwa faili baada ya neno `WANACRY!`. Kila kitu kinachohitajika kufungua kiko mikononi mwa mwathiriwa, ila kimefungwa kwa kufuli la mtu mwingine.

Hata hapo pengo lilikuwepo. Ili jozi ibuniwe kwenye kompyuta, namba tasa mbili zinazounda ufunguo wa siri zilipita katika kumbukumbu yake. Mtafiti Adrien Guinet aligundua kwamba katika Windows XP maktaba ya mfumo iliachilia eneo hilo la kumbukumbu bila kulifuta. Zana yake iliitafuta namba tasa inayogawanya ufunguo wa umma bila baki, na ikiipata, ufunguo wa siri unapatikana. Benjamin Delpy aliipanua hadi Windows 7. Sharti kuu lilikuwa moja: kompyuta isiwe imezimwa. Wengi walikuwa tayari wameizima, kwani ndilo jambo la kwanza mtu mwenye hofu hufanya.

Nakala rudufu zinabadilisha nini

Mwenye nakala rudufu anaukata mstari wa tatu: *F* haijafutwa, kwa sababu ipo pengine. Usimbaji wote, hata ungekuwa imara kiasi gani, unageuka kuwa suala la saa zinazopotea. Washambuliaji walilijua hilo. WannaCry iliendesha amri hizi, miongoni mwa nyingine:

```
vssadmin delete shadows /all /quiet
wbadmin delete catalog -quiet
```

Ya kwanza huondoa nakala kivuli ambazo Windows huzihifadhi kwenye diski ileile. Ya pili huondoa orodha ya nakala rudufu za mfumo. Zote zinahitaji mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na zote ni nadra katika kazi za kawaida za ofisini, kiasi kwamba kuonekana kwa ile ya kwanza kumekuwa mojawapo ya dalili ambazo walinzi wa mitandao huzitazamia. Dalili nyingine hujitokeza kwenye nakala zenyewe. Data iliyofungwa haibaniki, na kila faili huonekana limebadilika; nakala ya usiku mmoja ikivimba ghafla kuliko ya usiku uliotangulia, huenda kinachonakiliwa ni mafaili yaliyokwisha kufungwa.

Kinachotofautisha nakala rudufu na marudio tu ya data kilionekana wiki sita baadaye. Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya iliishambulia kampuni ya meli ya Maersk. NotPetya ilidai fidia kwa uongo, kwani namba ya utambulisho iliyoonyeshwa kwa mwathiriwa ilikuwa ya bahati nasibu tu, na hata mshambuliaji asingeweza kupata ufunguo kutokana nayo. Maersk ilikuwa na nakala za seva nyingi, lakini seva zipatazo 150 zinazoongoza utambulisho wa watumiaji, yaani nani anaruhusiwa kuingia wapi, zilitegemewa kuwa nakala za zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilisawazishwa na nyingine, na zote zilifutwa pamoja. Bila hizo, nakala za seva nyingine hazikuwa na pa kusimamia. Iliyopona ilikuwa moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao. Data yake ilibebwa kwa mkono kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza. Kampuni ilikadiria hasara ya dola kati ya milioni 250 na 300. Tatizo la umeme lilifanya kazi ambayo sera ya kampuni haikuipanga: liliiweka nakala moja mahali ambapo mamlaka ya msimamizi aliyetekwa hayafiki.

Kuwa na nakala, hata hivyo, si sawa na kuirejesha. Terabaiti kumi zikipita kwenye kiungo cha gigabiti moja kwa sekunde huchukua saa 22 kiungo kikiwa hakina kazi nyingine yoyote, na nyuma yake kuna seva za kujengwa upya kwa mpangilio sahihi. Aidha, mshambuliaji anayekaa ndani ya mtandao kwa wiki kadhaa kabla ya kufunga mafaili huingia pia katika nakala za wiki hizo. Anayeirejesha nakala ya jana huenda akamrejesha naye.

Nakala hazigusi kabisa upande wa siri za data. Kuanzia Novemba 2019 kundi la Maze lilianza kunakili data kabla ya kuifunga na kutishia kuichapisha, na mengine yakafuata. Tishio hilo halihitaji usimbaji mseto, wala halijali kama mwathiriwa ana nakala mia.

Kisa cha kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani, Mei 2021, kilizikutanisha pande zote. Washambuliaji wa kundi la DarkSide waliiba data kwanza, kisha wakafunga mafaili. Kampuni ililipa bitikoini 75, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4, ikapewa zana ya kufungulia. Zana hiyo ilifanya kazi polepole mno, na mafundi wa kampuni waliendelea kurejesha mifumo kutoka kwenye nakala zao wenyewe.